Marashi ya nishi, dizaina na ya mastaa: usinunue kabla ya saa ya nne tangu kupuliza

"Kaka, za mastaa sitaki. Nipe nishi, ile ya kweli." Nimechoka kuisikia kauli hiyo kwa wateja wangu wa marashi, hasa kwa mtu ambaye bado hajanusa chochote. Anaamini nishi, yaani marashi ya nyumba ndogo zinazoshughulika na marashi tu, ina mafundi wake wa pekee na malighafi za asili tupu, na kwamba marashi yanayouzwa kwa majina ya mastaa ni sukari na spiriti.

Basi tumtazame mtungaji wa marashi Francis Kurkdjian. Ndiye aliyetunga Le Male ya Jean Paul Gaultier, dizaina, yaani marashi ya kampuni ya mitindo, iliyotoka mwaka 1995. Baccarat Rouge 540, ambayo wateja wangu huitaja kama mfano wa nishi, ni kazi ya mkono huohuo. Tangu 2021 yuko Dior. Marashi mengi ya mastaa nayo hutungwa na wataalamu wa kampuni kama Givaudan na IFF, ambazo zinatungia pia dizaina na nishi.

Na hilo la asili? Molecule 01, nishi ya mwaka 2006, harufu yake ni kiungo kimoja tu, Iso E Super, kilichozaliwa maabara. Ni marashi mazuri mno.

Tofauti ipo, ila iko kwenye bajeti ya mchanganyiko na uhuru wa mtungaji. Dizaina lazima impendeze kila apitaye dukani, nishi inaruhusiwa kumchukiza mtu. Bajeti ikibana, pengo huonekana mwishoni, harufu ya juu, ile ya mwanzo, ikishapaa. Ndiyo maana nakataa uamuzi wa dakika tano.

Dada mmoja alitaka Baccarat Rouge kwa sababu ya sifa tu. Nikampulizia hiyo mkono wa kushoto, na Cloud ya mwimbaji Ariana Grande mkono wa kulia, nikamwambia aende zake, asisugue. Mwanzoni Cloud ilitoa peasi na lavenda, Baccarat ikatoa zafarani. Baada ya saa mbili zote zilikuwa tamu, karibu ndugu. Aliporudi jioni, kushoto palikuwa bado na ukavu wa mbao chini ya ule utamu. Kulia pamebaki miski laini ya kimaziwamaziwa. Akachukua Cloud. Ukavu ule haukumpendeza, na bei haikuwa na la kumwambia.

Wengine hulalamika: "Haidumu, nusu saa imekwisha." Mara nyingi pua yako ndiyo imeizoea. Muulize anayeingia chumbani.

Wengine husema: "EDP, yenye mafuta mengi zaidi, hudumu kuliko EDT." Si lazima. Kampuni nyingi hubadilisha mchanganyiko wenyewe, si nguvu tu, na ndimu na chungwa hupaa upesi hata ukizidisha mafuta.

Ukija kwangu, njoo asubuhi, hujajipaka kitu, na uchague mbili tu. Ya tatu nitakunyima.