Magimbi yanayowasha koo: maswali na majibu

Nilichemsha magimbi ya chai ya asubuhi. Vipande vidogo vilikuwa vitamu, ila kile kikubwa kiliniwasha ulimi mpaka koo. Yote yalitoka shamba moja na sufuria ilikuwa moja. Kwa nini?

Kwa sababu kipande kikubwa hakikuiva katikati. Tatizo si shamba, wala si kwamba ulichanganyiwa gimbi baya.

Gimbi bichi, ambalo wenzetu wa Kenya huliita nduma, lina chembechembe za oksalati ya kalsiamu zenye umbo la sindano. Ni ndogo mno, huzioni mpaka utumie hadubini, na zimefungwa pamoja kama vifurushi ndani ya seli za mmea. Ukitafuna gimbi bichi, seli hupasuka na sindano hizo huchomoka na kuingia kwenye ngozi laini ya ulimi, midomo na koo. Sindano peke yake ingechoma kidogo tu. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba muwasho mkali unaletwa na protini iliyoshikamana na sindano hizo: sindano inatoboa, protini inaingia kwenye kijitundu na kuchokoza nyama. Ndiyo maana mtu huhisi kuchomwa kwanza, kisha mdomo unawaka moto na wakati mwingine unavimba.

Sasa tazama sufuria yako. Kipande chenye unene wa vidole viwili hupata moto mpaka katikati ndani ya dakika 25 au 30 za maji yanayotokota. Gimbi zima lenye unene wa ngumi linahitaji dakika 45 na hata zaidi, na ukilitoa pamoja na vile vidogo, nje litakuwa laini huku moyo wake ukiwa bado mgumu. Likate uone: sehemu iliyoiva ina rangi moja na inapondeka kwa uma, isiyoiva ina weupe wa chokaa na inakatika kwa mlio kama kiazi kibichi. Lile duara la weupe katikati ndilo lililokuwasha.

Yaliyobaki usiyatupe. Kata vipande vinavyolingana, yarudishe kwenye maji ya moto yanayoyafunika kabisa, yatokote dakika 20 nyingine. Maji yakipungua ongeza ya moto, si ya baridi, maana ya baridi yanazima mtokoto. Gimbi lililochomoza juu ya maji kwenye sufuria isiyo na mfuniko haliivi upande wa juu, hata kama moto ni mkali.

Ninaishi Lushoto na dada yangu yuko Dar. Tunapika kwa muda uleule, yake hayawashi, yangu yanawasha.

Hii inaeleweka. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Pwani huchemka kwa nyuzi 100, lakini kwenye mita 1,800 huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Unaona maji yanatokota vilevile, kumbe gimbi linapata joto pungufu. Watu wa milimani waongeze robo saa, au watumie sufuria ya presha, ambayo inapandisha joto kupita nyuzi 100. Humo vipande vya kawaida huiva kwa dakika 15 hivi tangu presha ishike.

Je, moto unaziyeyusha hizo sindano?

Hapana. Oksalati ya kalsiamu haiyeyuki kwenye maji yanayochemka, na hata gimbi lililoiva vizuri bado lina sindano nyingi ukilipima. Kinachoharibiwa na joto ni ile protini. Inapoteza umbo lake kama ute wa yai unavyoganda, na ikishaganda haichokozi tena. Sindano zinabaki zikiwa zimezungukwa na wanga laini uliovimba, nawe unazimeza bila kuzihisi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lina matokeo jikoni. Kuloweka magimbi usiku kucha kwenye maji baridi hakutoshi, kwani protini inabaki. Kuyaanika juani nako hakutoshi. Kinachotakiwa ni joto lililofika katikati na kukaa humo.

Mama mkwe anataka majani ya magimbi yapikwe karibu saa nzima. Mimi nayapika dakika kumi kama mchicha ili yasipoteze vitamini.

Msikilize mama. Mchicha na majani ya magimbi si kitu kimoja. Mchicha nao una oksalati nyingi, lakini chembe zake hazina umbo la vifurushi vya sindano, kwa hiyo hauwashi na dakika chache zinatosha. Jani la gimbi lina sindano kwenye bapa lake, kwenye mishipa na hasa kwenye kikonyo. Dakika kumi zinalilegeza na kulibadilisha rangi, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika: linaonekana limeiva, lakini bado linawasha.

Fanya hivi. Chuma majani machanga, yale ambayo hayajafunguka kabisa au yamefunguka jana. Ondoa kikonyo na ule mshipa mnene wa katikati. Katakata, tia kwenye maji mengi yanayotokota, na baada ya dakika 10 au 15 mwaga maji hayo. Weka maji mapya ya moto na upike tena, jumla isipungue dakika 45. Tui la nazi liingie mwisho. Ukilitia mapema utalazimika kupunguza moto ili lisikatike, na majani yatabaki yanalowa kwenye uvuguvugu badala ya kuchemka.

Usionje kabla ya dakika 45. Baada ya hapo weka jani dogo kwenye ncha ya ulimi, litoe, kisha subiri dakika tano. Muwasho huchelewa kidogo, na anayeonja na kumeza papo hapo atasema liko tayari wakati haliko. Ukihisi hata mnyeo mdogo, ongeza robo saa. Vitamini kadhaa zitapungua, ni kweli, lakini jani ambalo familia haiwezi kulimeza halimlishi mtu.

Magadi, ndimu au ukwaju vinaondoa muwasho?

Magadi yanalainisha jani haraka, na ulaini huo unaweza kukufanya uepue kabla ya wakati. Kama umezoea kuyatumia, tia kidogo sana na usipunguze muda. Ndimu na ukwaju vinaleta ladha nzuri, na wapo wanaosema vinapunguza mnyeo, lakini viwe nyongeza kwa chakula kilichokwisha kuiva. Gimbi nusu bichi lililokamuliwa ndimu bado ni nusu bichi.

Kukaanga au kuchoma kwenye makaa?

Vipande vyembamba kama karatasi, vya kukaanga mpaka vikauke, huiva vyote. Shida ni vipande vinene: mafuta yanavitia rangi ya kahawia nje ndani ya dakika chache huku katikati hakujaguswa. Chemsha kwanza mpaka uma upite, kausha, ndipo ukaange. Kwenye makaa fuata njia hiyohiyo, au lifukie gimbi zima kwenye majivu ya moto kwa muda mrefu na ulikate katikati kabla ya kumpa mtu.

Mikono inaniwasha sana nikimenya.

Ni sindano zilezile, zinazobebwa na utomvu. Sehemu iliyo chini tu ya ganda huwa kali. Njia rahisi kuliko zote ni kuyaosha udongo na kuyachemsha na maganda yake, kisha kumenya yakiwa yameiva. Ukilazimika kumenya mabichi, mikono iwe mikavu na gimbi liwe kavu, jipake mafuta ya kula au vaa glavu, na uoshe baada ya kumenya, si kabla. Ukishawashwa, nawa kwa sabuni na maji mengi bila kujikuna, kwa kuwa kujikuna kunazizamisha zaidi. Mkono huo usiguse macho. Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha uende kituo cha afya.

Mtoto wangu wa miaka miwili ametafuna jani bichi. Analia na kutoa mate.

Toa vilivyomo mdomoni kwa kitambaa chenye maji. Mpe maji baridi anywe kidogo kidogo, au maziwa baridi au mtindi, vinapoza. Usimtapishe, maana kitu kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda. Kwa kawaida maumivu hupungua ndani ya saa chache.

Mkimbize hospitali mara moja ukiona ulimi au midomo inavimba, sauti imekauka, anashindwa kumeza mate yake, au anapumua kwa shida na kukoroma. Uvimbe wa koo unaweza kuziba njia ya hewa, na hilo halisubiri asubuhi. Vipele mwili mzima, kutapika na kifua kubana ni dalili za mzio, tofauti na muwasho wa kawaida, nazo pia ni za hospitali papo hapo.

Hakikisha pia ni mmea gani. Difenbakia, ua la mapambo lenye majani mapana yenye madoa meupe ambalo wengi wanaliweka sebuleni, lina sindano za aina hii na si chakula hata ukilipika. Vilevile magimbi pori ya kando ya mito huwa makali kuliko ya shambani. Kama hujui asili yake, usiyachume.

Niliwahi kupata mawe kwenye figo. Nikipika vizuri naweza kula?

Muwasho na mawe ni mambo mawili. Oksalati iko ya aina mbili: ile ya sindano, ambayo haiyeyuki na sehemu yake kubwa hutoka chooni, na ile inayoyeyuka kwenye maji, ambayo ndiyo inayoingia kwenye damu kwa wingi na kufika kwenye figo. Joto halimalizi aina hii ya pili. Inatoka kwa kuhamia kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo kwako wewe kumwaga maji ni lazima, na gimbi la kuchoma halikufai sawa na la kuchemsha.

Majani yana oksalati nyingi kuliko gimbi lenyewe, kwa hiyo yapunguze kwanza. Unapoyala, kula pamoja na maziwa, mtindi au dagaa kwenye mlo uleule. Kalsiamu iliyomo huikamata oksalati tumboni kabla haijanyonywa. Kunywa maji ya kutosha, na muulize daktari wako mawe yako yalikuwa ya aina gani, kwa kuwa si yote ni ya oksalati.

Kisamvu hakiwashi. Kwa hiyo hakina shida?

Kisamvu kina hatari nyingine kabisa, ya sianidi, ambayo haiwashi ulimi hata kidogo. Kitwange vizuri kikiwa kibichi, maana kutwanga ndiko kunakoifungua, kisha ukichemshe bila mfuniko kwa muda mrefu ili itoke na mvuke. Kwa kisamvu, ulimi usioona muwasho haukuambii kitu.