Ukipandisha bei, unaweza kupoteza wateja wangapi?

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa biashara hapa Arusha ni vijana waliojiajiri kwa ujuzi wao: wapiga picha, wahariri wa video, wafasiri, wabunifu wa matangazo. Nikiwauliza kwa nini hawapandishi bei, jibu huwa lilelile: "Nikipandisha watanikimbia." Basi huwauliza swali la pili: watakimbia wangapi, na wakishakimbia hao utabaki na shilingi ngapi? Hapo wengi hunyamaza. Hofu wanayo, lakini hawajawahi kuipigia hesabu.

Tumchukue, kwa mfano, binti wa Ngaramtoni anayebuni vipeperushi kwa ajili ya kampuni za utalii na nyumba za wageni. Anatoza shilingi 25,000 kwa kipeperushi kimoja. Bei hiyo hakuikokotoa; aliisikia kwa mwenzake alipokuwa anaanza, akaishika mpaka leo.

Tuanze na anachohitaji. Kodi ya chumba, chakula, nauli na kidogo anachotuma nyumbani ni shilingi 420,000 kwa mwezi. Bando la intaneti ni 40,000, umeme na matengenezo madogo 30,000. Kuna na laptopu, ambayo karibu kila anayeanza huisahau. Kama aliinunua kwa 1,080,000 na itamtumikia miaka 3, kila mwezi inakula shilingi 30,000, hata kama hakuna anayekuja kumdai. Jumla ni 520,000.

Lakini hapa kwetu mwaka haulipi sawasawa. Masika ikishaingia, Aprili na Mei, wageni hupungua na ofisi nyingi za utalii huacha kuagiza kazi. Ni busara ahesabu kwamba miezi 10 italisha 12. Mahitaji ya mwaka ni 6,240,000. Gawa kwa 10, unapata 624,000. Hicho ndicho anachopaswa kuingiza katika kila mwezi wenye kazi.

Sasa saa. Akifanya kazi siku 26 kwa saa 8 anapata saa 208, na kosa linaloumiza wengi ni kugawa kwa namba hiyo. Saa za kutafuta wateja, kusubiri majibu, kupanda daladala hadi mjini kwenda kumwona mtu ambaye hatimaye haagizi, hakuna anayezilipia. Kwa anayeanza, akiuza nusu ya saa zake amejitahidi. Hiyo ni saa 104. Gawa 624,000 kwa 104: kila saa inayolipwa inapaswa kuleta shilingi 6,000. Wewe usikisie nusu hiyo. Kaa na daftari wiki 2, andika kila saa ilikokwenda, kisha tumia namba yako mwenyewe.

Kipeperushi kimoja, ukijumlisha mazungumzo, mchoro wa kwanza na marekebisho, kinamchukua saa 6. Basi bei yake ya chini kabisa ni 36,000. Kwa 25,000, hata akijaza saa zake zote 104 na kumaliza vipeperushi 17, anapata 425,000. Pesa hiyo inamlisha yeye, lakini laptopu ikifa hana pa kushika.

Tuseme anaamua kutoza 45,000. Ile 36,000 ni sakafu tu, na juu yake panahitajika nafasi ya kazi zinazochelewa. Panahitajika pia nafasi ya kodi ya zuio: kampuni inayokulipa kwa huduma hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA. Dai hati yake, maana kiasi hicho huhesabiwa katika kodi yako ya mwaka, ila siku ya malipo mkononi utapokea 42,750.

Haya, turudi kwenye hofu. Kwa bei ya zamani, oda 17 zilimletea 425,000. Kwa bei mpya, oda 10 zinaleta 450,000. Maana yake oda 7 kati ya 17 zinaweza kuondoka na bado akawa mbele kwa shilingi 25,000, huku saa 42 zikiwa zimerudi mikononi mwake za kutafutia wateja wengine. Hajafika kwenye 624,000. Kwa hiyo anahitaji oda 14. Lakini ameona kwamba kupoteza wateja kadhaa hakumrudishi nyuma ya pale alipokuwa.

Ukitaka kuipiga yako, gawa mapato ya sasa ya mwezi kwa bei mpya. Jibu ndilo idadi ya kazi unazopaswa kubaki nazo. Kama kila kazi ina gharama yake, mfano unachapisha picha au unalipa boda, itoe kwanza katika bei zote mbili.

Hesabu hii ina mahali inaposhindwa. Kama nusu ya oda zako zinatoka kwa mteja mmoja, huyo hapotei robo wala theluthi. Akiondoka, ameondoka na nusu yote. Ukiwa katika hali hiyo, bei mpya ianze kwa wateja wapya, na huyo mkubwa umfikie baada ya kupata wengine wawili watatu wa kukushikilia.

Kisha yapo mazungumzo yenyewe, na ndipo bei nyingi nzuri zinapovunjika. Taja bei ya kazi nzima, usitaje saa. Ukitaja saa, siku utakapokuwa mwepesi zaidi utalipwa pungufu kwa ustadi wako. Ukishataja, nyamaza. Vijana wengi husema "elfu arobaini na tano" na kabla mteja hajafungua mdomo wanaongeza "lakini tunaweza kuongea." Huyo amejishusha mwenyewe.

Mteja akisema, "Dada, bei kali, fulani ananifanyia kwa elfu ishirini," usimkejeli huyo fulani, na usiteremshe bei ya kazi ileile. Punguza kazi: "Sawa kaka, kwa elfu thelathini na sita nitakufanyia upande mmoja, maneno uniletee yakiwa tayari, na marekebisho yatakuwa mara moja. Kwa arobaini na tano unapata pande zote mbili na marekebisho mara mbili." Ukikubali 36,000 kwa kazi nzima, umemfundisha kwamba ile 45,000 haikuwa ya kweli, na safari ijayo ataanzia hapo kushuka. Idadi ya marekebisho iandike kwenye ankara, na nusu ya malipo ipokee kabla hujaanza. Kazi ya saa 6 hugeuka saa 11 kwa marekebisho yasiyo na kikomo, na hapo hata 45,000 iko chini ya sakafu.

Mimi hutumia kipimo hiki: hesabu majibu ya watu 10 wa mwisho uliowatajia bei. Kama wote walikubali bila kuuliza kitu, bei ni ndogo. Wakikataa watatu au wanne, uko pazuri. Wakikataa wanane, hata baada ya kupunguziwa kazi, angalia kwanza unawauliza akina nani, maana mwenye kibanda cha chipsi na mwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro hawanunui kipeperushi kwa sababu moja.

Wateja wa zamani wape taarifa mwezi mmoja kabla. Kwa mji huu, mwanzoni mwa Mei panafaa, kwa sababu ofisi zinajipanga kwa msimu unaoanza Juni. Ujumbe uwe mfupi na usiwe na maelezo ya kujitetea: "Habari za kazi, kaka. Kuanzia tarehe 1 Juni kipeperushi kitakuwa shilingi 45,000, pamoja na marekebisho mara mbili. Oda zitakazoingia kabla ya tarehe hiyo nitazifanya kwa bei ya sasa."