2670: hesabu ya vipande vya pBR322 kabla ya kuwasha jeli

Ukikata plazmidi, yaani duara dogo la DNA ya bakteria, kwa vimeng'enya kisha ukaenda moja kwa moja kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa ukubwa, utaona mistari tu. Ukiwa umekwisha kuandika ukubwa wa kila kipande kwenye daftari, kila mstari usiotarajiwa utakueleza ulikotoka. Nitaonyesha kwa plazmidi moja, pBR322, na vimeng'enya vitatu: EcoRI, BamHI na PvuII. Nimeichagua kwa sababu mfuatano wake wote unajulikana, jozi besi 4361, na kila kimojawapo cha vimeng'enya hivi kinaikata mahali pamoja tu.

Tuanze na hesabu. Plazmidi ni duara, kwa hiyo mikato mitatu hutoa vipande vitatu. DNA iliyonyooka, kama ya faji lambda, kirusi cha bakteria, ikikatwa mara tano hutoa sita. Kwenye pBR322, EcoRI hukata baada ya besi ya 4359, BamHI baada ya 375, na PvuII baada ya 2066. Panga namba kutoka ndogo hadi kubwa, toa kila moja kutoka kwa inayofuata, na ile ya mwisho ifungie duara. Kwa Python:

```
L = 4361
m = sorted([4359, 375, 2066])
n = len(m)
print([(m[(i+1) % n] - m[i]) % L or L for i in range(n)])
```

Jibu ni 1691, 2293 na 377. Sehemu ya `or L` iko pale kwa ajili ya plazmidi yenye mkato mmoja tu, la sivyo ungepata sifuri badala ya 4361. Jumlisha vipande vyote: lazima upate 4361 kamili. Ikipungua au kuzidi hata kwa besi mbili, huenda kwenye kipande kimoja umetumia namba ya mahali kimeng'enya kinapoanza kutambua, na kwenye kingine namba ya mahali kinapokata. PvuII hutambua CAGCTG kuanzia 2064 lakini hukata katikati, baada ya 2066. Jeli haiwezi kuona tofauti ya besi mbili, lakini jumla isiyotimia huionyesha.

Kuna kosa jingine ambalo jumla haitalionyesha, lakini jeli italionyesha. Faili la mfuatano wa pBR322 huanza na TTCTCATG na kuishia na AAGAA. Mfuatano wa EcoRI ni GAATTC. Ukiutafuta kwenye faili kama unavyotafuta neno kwenye ukurasa, hutaupata, kwa sababu GAA iko mwishoni na TTC iko mwanzoni. Mfuatano wenyewe ni duara, ila faili limekatwa pale pale. Programu inayodhani DNA imenyooka itakwambia EcoRI haikati kabisa, na ukiziweka namba mbili zilizobaki kwenye hesabu ya duara, utabiri wako utakuwa vipande viwili: 1691 na 2670. Halafu jeli inaonyesha vitatu, na mtu anaanza kulaumu plazmidi kwamba imechafuka. Dawa ni kuweka alama ya duara kwenye programu, au kunakili besi tano za mwanzo wa faili na kuzibandika mwishoni kabla ya kutafuta.

Iangalieni vizuri hiyo 2670. Ni 2293 jumlisha 377, yaani vipande viwili vilivyobaki vimeshikana kwa sababu EcoRI haikupita kati yao. Kwa hiyo namba hiyo hiyo inaweza kuzaliwa kwenye karatasi, kwa utafutaji mbaya, au ndani ya kichupa, kwa EcoRI iliyokufa. Ndiyo maana nasisitiza kuandika mapema si utabiri mmoja bali minne: wa vimeng'enya vyote vikifanya kazi, na wa kila kimoja kikishindwa. EcoRI ikishindwa utapata 1691 na 2670. BamHI ikishindwa, 2068 na 2293. PvuII ikishindwa, 377 na 3984. Hakuna jozi mbili zinazofanana, kwa hiyo jeli inamtaja mkosaji kwa jina.

Sasa kichupa. Kwa mikrolita 20 naweka nanogramu 500 za plazmidi, mikrolita 2 za bafa yenye nguvu ya mara kumi, nusu mikrolita ya kila kimeng'enya chenye yuniti 10 kwa mikrolita, na maji safi yaliyochujwa kwa maabara kujaza nafasi iliyobaki. Maji na bafa hutangulia, vimeng'enya huja mwisho. Vimeng'enya vinahifadhiwa kwenye gliserini ya asilimia 50, hivyo mikrolita moja na nusu ndani ya 20 inaleta gliserini ya asilimia 3.75. Usivuke asilimia 5. Juu ya hapo EcoRI na BamHI huanza kukata mifuatano inayofanana tu na yao, na utaona vipande vidogo ambavyo hakuna hesabu itakayovieleza. Bafa iwe moja inayovifaa vyote vitatu kwa mujibu wa jedwali la aliyevitengeneza. Ikikosekana, kata kwa kimoja, safisha DNA, kisha endelea na kingine.

Gliserini nzito huzama chini. Usipochanganya kwa kuvuta na kurudisha pipeti taratibu mara kadhaa, kimeng'enya kitakaa chini na DNA juu, na mkato utakuwa nusu nusu. Kisha nyuzijoto 37 kwa saa moja. Hapa Kigoma umeme ukikatika katikati ya kazi, chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 37 yaliyopimwa kwa kipimajoto inashikilia joto vizuri kwa muda huo, kichupa kikiwa kimezibwa na kuelea. Kinachoniumiza zaidi ni friza. Vimeng'enya vikae nyuzi 20 chini ya sifuri ndani ya kasha la ubaridi, na friza isifunguliwe hovyo umeme ukiwa umekwenda. Ukivitoa, vikae kwenye barafu. Barafu iliyosagwa ya wauza samaki inatosha kabisa, mradi vifuniko visizame majini.

Kwa jeli napendelea agarosi ya asilimia 1.2: gramu 0.6 ndani ya mililita 50 za bafa ya TAE. Volti tano kwa kila sentimita kati ya elektrodi. Zikiwa mbali kwa sentimita 15, ni volti 75. Usiongeze volti ili kuwahi, hasa miezi ya joto, kwa maana jeli hupata moto na mistari hupinda. Pakia njia nne: ngazi ya DNA yenye vipande vya ukubwa unaojulikana, plazmidi isiyokatwa, plazmidi iliyokatwa kwa EcoRI peke yake, na ile ya vimeng'enya vitatu. Watu wengi huiruka njia ya isiyokatwa, nami naiona ndiyo ya lazima. Plazmidi iliyosokotwa hukimbia kuliko ukubwa wake halisi, na pBR322 nzima inaweza kutua karibu na eneo la 2670. Bila njia ile ya pembeni huwezi kujua kama ule mstari ni kipande au ni plazmidi ambayo haijaguswa.

Mstari wa 377 unahitaji uangalizi wa peke yake. Mwanga wa mstari hufuata uzito wa DNA, si idadi ya vipande. Katika nanogramu 500, kipande cha 2293 kina karibu 263, cha 1691 kina 194, na cha 377 kina 43 tu. Ukikata nanogramu 100 utabaki na chini ya 9, na hapo ni rahisi kusema hakipo. Kuna mambo mengine mawili yanayokificha. Rangi ya buluu ya bromofenoli husafiri karibu na ukubwa huo huo na huziba mwanga, hivyo ipunguze au tumia rangi ya chungwa inayotangulia zaidi. Pia bromidi ya ethidiamu iliyochanganywa ndani ya jeli hukimbilia upande hasi, kinyume na DNA, ikiacha sehemu ya chini bila rangi. Ukihitaji kuuona mstari mdogo, loweka jeli baada ya kuendesha, mikrogramu 0.5 kwa mililita, kwa nusu saa. Vaa glavu na kinga ya macho. Na umeme ukikatika jeli ikiwa njiani, DNA husambaa. Huyu mdogo ndiye hufifia kwanza.

Kupima ukubwa, usikadirie kwa macho. Umbali hufuata logi ya ukubwa. Tuseme ngazi ina 2000 kwenye milimita 30.0 na 1500 kwenye 34.5, na mstari wako uko 32.5. Umekwenda 2.5 kati ya 4.5, yaani 0.556 ya njia. Logi ya 2000 ni 3.301, ya 1500 ni 3.176, tofauti ni 0.125. Toa 0.556 ya hiyo kutoka 3.301, unapata 3.232, ambayo ni karibu 1700. Kipande cha 1691 kimepatikana. Tofauti ya asilimia chache ni ya kawaida. Ndiyo maana 3984 na 4361 siziamini kuzitenganisha kwa kuangalia: kwa swali la kama EcoRI na BamHI zote zimekata, tafuta 377, usibishane na mstari mkubwa.

Ukiona vipande vitatu sahihi pamoja na 2670 hafifu, EcoRI imekata sehemu tu. Ongeza muda au yuniti. Ukiona 2670, 2068, 3984 na 4361 zote kwa pamoja, kosa si la kimeng'enya kimoja. Hapo shuku DNA yenyewe: mara nyingi ni ethanoli au chumvi iliyobaki kwenye utoaji wa plazmidi. Ikaushe vizuri au iongezee maji na ukate tena katika ujazo wa mikrolita 50.

Ukishuku EcoRI peke yake, ijaribu kwa DNA ya lambda. Yenye afya hutoa 21226, 7421, 5804, 5643, 4878 na 3530, jumla 48502. Kwenye jeli ya asilimia 1.2 ile ya 5804 na ya 5643 huonekana kama mstari mmoja mnene, kwa hiyo hesabu mitano, usidhani mmoja umepotea. Lambda ikikatika sawasawa na pBR322 ikakataa, kimeng'enya ni kizima. Rudi kwenye kichupa cha plazmidi.