Jibini limeota ukungu: lipi la kukata, lipi la kutupa

Napika kwenye nyumba ya wageni hapa Malindi. Wageni waliondoka wakaniachia kipande cha cheda na donge la mozarela. Vyote vimeota ukungu. Nitupe vyote?

Cheda utaiokoa, mozarela itupe.

Ukungu unaouona ni sehemu ya juu tu. Chini yake una nyuzi nyembamba zinazopenya ndani, na macho hayazioni. Zinafika wapi, hilo linategemea maji. Jibini gumu ni kavu na limeshikana. Parmijano, kwa mfano, karibu theluthi moja tu ya uzito wake ndiyo maji, kwa hiyo nyuzi hupenya kwa shida. Mozarela mbichi zaidi ya nusu yake ni maji, na humo nyuzi husambaa bila kizuizi.

Hiyo cheda nikate kiasi gani?

Sentimita 2.5 kila upande wa doa, na sentimita 2.5 kwenda chini. Ni kama upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Wengi hukwangua ile rangi ya kijani kwa ncha ya kisu wakaridhika, na hapo wamebakiza nyuzi zote.

Tuseme kipande chako kina urefu wa sentimita 12 na unene wa 5, na doa liko mwisho wa upande mmoja, limeenea sentimita 1. Pima sentimita 2.5 kutoka pale doa linapoishia, kisha kata moja kwa moja mpaka chini. Utatupa sentimita 3.5, utabaki na 8.5. Kisu kisiguse doa lenyewe, kwa sababu kikipita kwenye ukungu kwanza kitaupaka kwenye ule upande safi. Kikigusa kwa bahati mbaya, kioshe kwa sabuni kabla ya kuendelea. Ubao nao uoshe. Kisha funga jibini kwa karatasi mpya. Ile plastiki ya zamani ina mbegu za ukungu. Wala usilinuse kwa karibu, maana mbegu hizo huingia kifuani, na mwenye pumu anaweza kubanwa.

Kipande kikiwa chembamba kiasi kwamba hizo sentimita 2.5 hazipatikani, hakuna cha kuokoa. Vivyo hivyo ukiona madoa yametapakaa pande zote.

Mozarela ina doa moja tu, dogo kama punje ya mchele. Siwezi kulichota kwa kijiko?

Hapana, na najua inauma, kwa bei ya mozarela. Mbali na nyuzi, palipo na unyevu wa kuotesha ukungu bakteria nao hustawi, na hawaachi rangi wala harufu ya kukuonya. Ninayemhofia zaidi ni listeria, maana huyo huendelea kuzaana hata ndani ya friji. Rikota na jibini la kupaka ni hivyo hivyo. Hata cheda, ikishakunwa au kukatwa slesi, usiihesabu tena kuwa ngumu: ukungu wa slesi moja umeshagusa zote.

Nikiitia kwenye pitsa, moto hautaua?

Moto utaua ukungu wenyewe na bakteria wengi. Lakini baadhi ya ukungu hutengeneza sumu, na sumu hizo hustahimili moto wa jikoni. Ni jamaa ya ile sumu ya mahindi yaliyovunda, ambayo nayo haiondoki kwa kuchemsha ugali.

Na lile jibini la Wataliano lenye mishipa ya buluu?

Gorgonzola hutiwa ukungu wake makusudi, na ule hauna madhara kwa mtu mwenye afya. Ila ukiona rangi ngeni, nyeusi au ya waridi, au manyoya mahali ambapo hayakuwapo, tupa lote, kwa kuwa nalo ni laini.

Dada yangu ana mimba ya miezi sita, na juzi alikula hiyo mozarela kabla sijaona doa. Tufanye nini?

Kama hajambo, hahitaji dawa kwa sasa. Wengi wanaokula chakula cha namna hiyo hawaugui. Lakini muangalieni kwa miezi miwili, kwa sababu listeria inaweza kukaa wiki kadhaa mwilini kabla ya kujitokeza. Kwa mjamzito huanza kama mafua: homa, maumivu ya misuli na uchovu, pengine na kuharisha. Yeye mwenyewe anaweza kuugua kidogo tu, huku bakteria wakipita kwenye kondo na kumfikia mtoto, na mimba ikaharibika. Akipata homa aende hospitali siku hiyo hiyo. Asiseme tu "nina homa," kwani huenda akapimwa malaria akarudishwa nyumbani. Aseme ni mjamzito, alikula jibini laini lililoota ukungu, na ataje tarehe. Listeria hupatikana kwa kupima damu na hutibiwa kwa antibiotiki.