PDF nzito haipandi barua pepe: ipunguze bila kuharibu muhuri

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Lamu alituletea flashi diski wiki ya tatu tangu aanze kutuma ripoti moja. Ilikuwa ripoti ya ukarabati wa nyumba ya ukoo huko Mkomani: picha 11 za boriti zilizooza, zidaka zilizobomoka na mlango wa nakshi, kisha kurasa 9 za hati zilizopitishwa kwenye skana. Faili lilikuwa na megabaiti 41, na sanduku la mpokeaji lilikubali 10 tu. Alikuwa ameshajaribu kulifunga kwa zip. Lilishuka likawa 40.

Hilo la zip nalisikia kila siku, na sababu yake ni fupi. Picha zake za simu zilikuwa JPEG, na JPEG imekwisha kubanwa tangu ilipopigwa. Ukiibana tena haibaki na cha kutoa. Uzito wa PDF kama hii utauondoa hasa kwa njia mbili: kupunguza nukta za picha, na kutupa vitu ambavyo ukurasa hauvitumii tena.

Kwanza tulitazama ndani. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo `pdfimages`, inayokuja pamoja na Poppler, kifurushi cha zana za PDF. Ukiiandika hivi kwenye dirisha la amri, inaorodhesha kila picha iliyomo kwenye faili:

```
pdfimages -list ripoti.pdf
```

Tazama safu ya `x-ppi`, yaani nukta ngapi zimeingia kwenye kila inchi moja ya karatasi. Picha ya mlango ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000, lakini kwenye ukurasa ilikuwa na upana wa sentimita 16 tu, sawa na inchi 6.3. Gawanya, utapata nukta 635 kwa inchi. Kwa kusoma kwenye skrini, nukta 150 zinatosha, na hata kwa kuchapa vizuri watu huridhika na 300. Mwalimu alikuwa akibeba pikseli milioni 12 kwa picha ambayo ingetoshwa na laki 7 hivi.

Hapo pana jambo ambalo wengi huteleza. Nukta huhesabiwa kwa upana na kwa urefu pia, kwa hiyo ukizipunguza kwa nusu, picha haibaki nusu, inabaki robo. Ukurasa wa A4 ukipita kwenye skana kwa nukta 300 una pikseli 2480 kwa 3508. Kwa nukta 150 una 1240 kwa 1754. Ndiyo maana hatua moja ya kushuka huonekana kama muujiza.

Kabla ya picha, lakini, tulitoa uchafu. Mwalimu alisema jambo lililonifanya nicheke kidogo: "Nilifuta picha mbili za msalani, faili likazidi kuwa zito." Hakukosea. Programu nyingi za kuhariri PDF, ukibonyeza kuhifadhi, haziandiki faili upya. Huongeza mabadiliko mwishoni na kuacha ya zamani palepale yalipokuwa. Picha zilizofutwa hazionekani, lakini zimo. Kila mara faili linapohifadhiwa hivyo huongezwa alama ya `%%EOF`, na ukizikuta nne au tano kwenye faili moja, ujue limebeba mizigo ya zamani. Mbili pekee si hoja, kwa kuwa faili lililopangwa kwa kufunguliwa haraka mtandaoni huwa na mbili kwa kawaida.

Hapa kuna hatari nyingine zaidi ya uzito. Mtu akifuta ukurasa wenye nakala ya kitambulisho na kuhifadhi kwa mtindo huo, mjuzi anaweza kuufufua. Kukata kingo za ukurasa ndani ya PDF nako hakuondoi kitu: unapunguza dirisha tu, picha yote ingali nyuma yake.

Dawa ya mabaki ni kuandika faili upya. Programu ya `qpdf` hufanya hivyo: hufuata kila ukurasa, huchukua vinavyotumika, na visivyotumika huviacha nje.

```
qpdf --object-streams=generate ripoti.pdf safi.pdf
```

Zile picha mbili zikatoka, faili likashuka hadi megabaiti 36. Kurasa hazikuguswa hata kidogo, kwa hiyo hatua hii ifanye bila wasiwasi. Kisha tukaingia kwenye picha kwa Ghostscript, programu nyingine ya bure:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf safi.pdf
```

Chaguo la `/ebook` hulenga nukta 150, `/screen` hulenga 72, na `/printer` 300. Jina la faili jipya lisifanane na la zamani, la sivyo utaharibu lile ulilokuwa ukilisoma. Kwenye Windows amri huandikwa `gswin64c` badala ya `gs`.

Faili likatoka na megabaiti 4. Likatosha, tena kwa nafasi, na nafasi hiyo inahitajika. Barua pepe hugeuza kiambatisho kuwa herufi kabla ya kukisafirisha, na kila baiti 3 huwa 4. Faili la megabaiti 9 hufika mlangoni likiwa na 12 na kurudishwa, huku mtu akiapa kwamba kikomo ni 10. Mwenye kikomo cha 10 alenge 7.

Kuna wakati amri hii haipunguzi kitu, na watu hudhani wamekosea kuandika. Ghostscript huiacha picha ilivyo mpaka nukta zake zizidi lengo kwa mara moja na nusu. Kwa lengo la 150, kizingiti ni 225. Hati iliyoskaniwa kwa nukta 200, kama zilivyo nyingi za madukani, itapita bila kuguswa. Ongeza `-dColorImageDownsampleThreshold=1.0` kwenye amri, na kwa kurasa za kijivu `-dGrayImageDownsampleThreshold=1.0`, nayo itashuka.

Tulipofungua faili dogo, picha zilikuwa safi: nakshi ya mlango ilionekana ua kwa ua. Tatizo lilikuwa ukurasa wa 17, hati ya kiwanja. Ndani ya muhuri wa duara kulikuwa na nambari ndogo iliyoandikwa kwa kalamu, na tarakimu ya mwisho haikujulikana tena kama ni 3 au 8. Ukurasa kama huo ndio wa kukagua kwanza, kwa kuukuza skrini nzima, kabla ya kutazama picha nzuri. Hatukulipandisha faili zima kwa sababu ya ukurasa mmoja. Tuliuchukua ule wa asili na kuupachika mahali pake:

```
qpdf --empty --pages ndogo.pdf 1-16 safi.pdf 17 ndogo.pdf 18-z -- mwisho.pdf
```

Herufi `z` ni ukurasa wa mwisho. Faili likawa na megabaiti 5, na ile 8 ikasomeka kuwa 8.

Hati iliyotiwa saini ya kidijitali usiipitishe kwenye amri hizi hata moja. Saini hiyo hufungamana na faili baiti kwa baiti, na ukiliandika upya mpokeaji ataambiwa saini si halali, hata kama maandishi ni yaleyale. Punguza kwanza, kisha ndiyo utie saini. Ikiwa saini imeshatiwa na mtu mwingine, mwombe mpokeaji njia nyingine ya kulipokea.

Mwalimu aliondoka na mafaili mawili kwenye flashi, `mwisho.pdf` la kutuma na `ripoti.pdf` la kuweka, kwa kuwa nukta zilizoondolewa hazirudi.