Kigunduzi cha akili mnemba: mpaka uwekwe kwenye alama ngapi?

Kigunduzi cha maandishi ya akili mnemba hakisemi ndiyo wala hapana. Kinatoa alama, tuseme kati ya 0 na 100, na ni chuo chenyewe kinachoamua mwandishi aanze kuitwa kujieleza kwenye alama ipi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kati ya insha 2,000, mashine imeandika 200. Mpaka ukiwa 50, kigunduzi kinanasa 160 kati ya hizo, pamoja na wanafunzi 72 walioandika wenyewe. Wanaoitwa ni 232, na karibu theluthi yao hawana kosa. Ukiupandisha mpaka hadi 90, wasio na kosa wanashuka hadi 9, ila insha za mashine zinazonaswa ni 90 tu, 110 zinapita. Hapa hakuna ujanja wa kupunguza makosa yote mawili kwa kusogeza mpaka, kwa sababu wapo watu wanaoandika kwa mtindo ulionyooka kama wa mashine, na zipo insha za mashine zilizoguswaguswa hadi zikafanana na za watu.

Alama 90 pia haimaanishi kuwa mwandishi ana hatia kwa asilimia 90. Katika mfano huohuo, kama mashine iliandika insha 40 tu, mpaka wa 90 ungenasa 18, huku wasio na kosa wakiwa bado 10 hivi. Kigunduzi hakijabadilika, wadanganyifu ndio waliopungua.

Kwa maoni yangu, chuo kianze kwa kuamua ni wasio na kosa wangapi kinaweza kuvumilia kwa mwaka, ndipo kitafute alama. Kichukue insha za wanafunzi wake zilizoandikwa kabla ya Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa umma, kizipitishe kwenye kigunduzi na kutazama zimepata alama gani. Kila inayovuka mpaka ni shutuma ya uongo ambayo ingetolewa. Zikiwa 300 na isivuke hata moja, usishangilie: kiwango halisi cha makosa bado kinaweza kukaribia asilimia 1.

Wanaoandika kwa lugha isiyo yao wapimwe peke yao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2023 ulichukua insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza, zilizoandikwa na watu wenyewe, ukazipitisha kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mashine. Wastani wa chuo kizima huficha jambo kama hilo. Kundi moja likiumia kupita kiasi, mpaka upandishwe kwa wote, au kigunduzi kiachwe.

Hata mpaka uliochaguliwa vizuri unatosha kuanzisha mazungumzo tu: rasimu ziombwe, mwanafunzi aulizwe kuhusu hoja zake. Na kampuni ikibadilisha toleo la kigunduzi, zile insha za zamani zipitishwe upya kabla mtu yeyote hajaitwa.