Simu imehifadhi, seva bado haina habari: dhana potofu kuhusu kazi zinazosawazishwa baadaye

Nachukua mfano wa wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka kaya kwa kaya na simu, kama wale wa Kenya wanaotumia eCHIS, mfumo uliojengwa juu ya Community Health Toolkit, programu huria ya kazi za afya ya jamii. Simu hufanya kazi bila mtandao, na taarifa hupanda kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, mawimbi yakipatikana; huko ndiko kusawazisha. Hapo katikati ndipo kazi huonekana imefanyika kwa mmoja na haijafanyika kwa mwingine.

Dhana: Kazi ikitoka kwenye orodha yangu, msimamizi keshaiona.

Orodha hupangwa ndani ya simu yenyewe. Mhudumu akijaza fomu ya kumtembelea mjamzito, kazi ile hutoweka papo hapo hata kama yuko bondeni kusikofika mawimbi. Simu imehifadhi, lakini seva haijapata kitu. Na msimamizi naye akiwa anatumia simu isiyotegemea mtandao, safari ni mbili: simu ya mhudumu ipandishe, kisha ya msimamizi ishushe. Ndiyo maana swali la haki kwa mhudumu si "mbona hukwenda?" bali "mara ya mwisho ulisawazisha lini?" Vijiti vya mtandao navyo si ushahidi; bando likiisha, vijiti hubaki vimesimama. Tazama hali ya usawazishaji ndani ya programu.

Dhana: Watu wawili wakibadilisha kitu kimoja, badiliko la karibuni zaidi ndilo litakaloshinda.

Hii ndiyo inayoleta madhara makubwa, kwa sababu hata mafundi wengi huiamini. Mfumo huu huhifadhi taarifa kwa CouchDB kwenye seva na PouchDB kwenye simu, na hizo haziangalii saa. Kila nakala ina namba ya toleo, na matoleo yakigongana hushinda lile lenye historia ndefu zaidi. Zikilingana urefu, hulinganishwa herufi na tarakimu zinazofuata namba, jambo lisilohusiana kabisa na ukweli wa mambo.

Tuseme taarifa za mama mmoja ziko toleo la 2 kwenye simu zote mbili. Jumatatu mhudumu, akiwa nje ya mtandao, anarekebisha namba ya simu ya mama, kisha anarudi kurekebisha jina la kijiji. Amefika toleo la 4. Jumatano mama anampa msimamizi namba mpya, naye anaiandika mara moja tu: toleo la 3. Ijumaa wote wanasawazisha, na inayobaki kuonekana ni namba ya Jumatatu. Mhudumu atapiga simu isiyopatikana, wala hakuna onyo lililotokea kwenye skrini.

Bahati nzuri ni kwamba toleo lililoshindwa halikufutwa. Fundi akiuliza seva hivi:

```
GET /medic/<id>?conflicts=true
```

ataona jibu la namna hii:

```
"_rev": "4-9ac1...",
"_conflicts": ["3-e07b..."]
```

Orodha hiyo ya `_conflicts` inahitaji mtu anayewajua wahusika, alinganishe matoleo, aandike lililo sahihi, kisha afute toleo lililoshindwa. Kinga bora ni kutobadilisha taarifa ileile: kila ziara iwe ripoti mpya yenye tarehe ya tukio, kwani ripoti mbili tofauti hazigongani. Tarehe hiyo aithibitishe mhudumu mwenyewe, maana simu iliyozimika chaji ikakaa muda mrefu inaweza kuwaka na tarehe ya zamani. Saa nayo ina mtego wake hapa kwetu: mwingine huandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, na mfumo unasoma saa tisa usiku.

Dhana: Kutuma tena kutaleta ripoti mbili.

Ripoti hupewa kitambulisho chake ikiwa bado kwenye simu, kwa hiyo ikitumwa mara tano seva huitambua kuwa ni ileile. Kinacholeta ripoti mbili ni kujaza fomu upya kwa hofu kwamba ya kwanza imepotea. Hiyo ina kitambulisho kingine, na mama mmoja atahesabiwa ziara mbili.

Dhana: Programu ikikwama, futa data uanze upya.

Kufuta akiba kwa kawaida hakugusi ripoti. Kufuta data, au kuondoa programu, kunafuta kila ripoti ambayo haijapanda, na seva haiwezi kurudisha kisichowahi kuifikia. Kabla ya kugusa kitufe hicho, peleka simu penye mtandao mzuri, sawazisha, kisha mwombe msimamizi athibitishe kwamba ripoti ya mwisho uliyojaza anaiona upande wake. Ikiwa programu haifunguki kabisa, mkabidhi fundi simu ikiwa hivyohivyo, na ziara za siku zile ziandikwe daftarini hadi ijulikane kilichookolewa.